Mfumbati wa Kiti cha Bibi

Neno "mfumbati" nililijua kwa kitanda tu. Bibi, aliyekulia Mombasa, huita mifumbati zile mbao mbili ndefu za ubavuni mwa kitanda cha kamba, na miguu yake huiita matendegu. Kiti chake cha jikoni kilipoanza kuyumba alikipapasa chini ya makalio, akasema, "Mfumbati ndio uliopasuka, mjukuu wangu. Miguu haina neno." Basi nami nitauita hivyo hivyo ule ubao mfupi wa ubavuni unaounganisha mguu wa mbele na wa nyuma chini ya kikalio. Wahadhiri wetu wakiwa na neno bora, nitalipokea.

Tunakaa Mount Dennis, karibu na Weston Road, na viti hivi vinne vilinunuliwa kwa mkono wa pili kabla sijazaliwa. Kupata kiti kingine si kazi. Lakini Bibi ana magoti mabovu, na kiti hiki ndicho chenye kimo anachoweza kuinuka bila kuvutwa mkono. Alikuwa ameanza kulia chakula chake kitandani. Kwa hiyo nilimwomba Mjomba, ambaye alikuwa seremala kabla ya kuja Kanada, tukitengeneze pamoja.

Mjomba haamini sana pini. Kwake yeye kiungo ni ulimi uliochongwa kwenye ubao wenyewe na kuingia katika tundu la mraba lililochimbwa kwa patasi. Lakini kiti cha kiwandani kama hiki kimeshikwa kwa pini za mti, yaani vijiti vya mviringo vilivyotiwa gundi, viwili kila ncha. Kubadilisha aina ya kiungo kungemaanisha kuichimba upya miguu ambayo bado mizima. Tukakubaliana kwa pini.

Ugumu wa pini ni huu: kila pini inahitaji matundu mawili, moja kwenye ncha ya mfumbati na jingine mguuni, nayo lazima yatazamane sawasawa. Tundu moja likihama kwa unene wa kucha, pini inaingia upande, au haiingii kabisa. Mkono mtupu hauwezi kazi hiyo, hasa kwenye ncha ya ubao, ambako biti hupenda kufuata nyuzi laini. Ndiyo maana kuna jigi. Ni kipande cha chuma chenye bushi, mrija mgumu unaoibana biti isiyumbe, na ukingo mmoja unaoegemezwa kwenye uso wa ubao. Umbali kati ya ukingo na kitovu cha bushi ukishafungwa, haubadiliki. Unafunga jigi kwenye mfumbati, unatoboa; unaihamishia mguuni, unatoboa kwa umbali ule ule.

Mfumbati mpya tuliuchonga kwa mti wa mepo, unene inchi 7/8 na upana inchi 2 1/4, urefu ukipimwa kwenye mfumbati wa upande wa pili ulio mzima. Pini tulichagua za inchi 3/8, maana pini hufaa iwe kati ya theluthi na nusu ya unene wa ubao. Nyembamba zaidi itavunjika, nene zaidi itaacha kuta dhaifu ubavuni mwa tundu. Pini kuukuu zilizobaki miguuni tulizikata kwa msumeno zikawa sawa na uso wa mguu, zikaonekana kama duara mbili ndogo. Tuliusimamisha mfumbati mahali pake na kuchora mstari mmoja kwa kila pini, ukipita kati ya duara na kuendelea juu ya mfumbati. Mistari hiyo ndiyo inayolinganishwa na alama ya jigi. Kisha Mjomba akachora msalaba kwa penseli kwenye uso wa nje wa mfumbati na wa kila mguu. Ukingo wa jigi hugusa uso wenye msalaba tu. Ukiugeuza hata mara moja, kosa dogo la kipimo huwa maradufu, kwa sababu sehemu moja imepimwa kutoka nje na nyingine kutoka ndani.

Hapo ndipo tulipokutana na jambo lililonifurahisha kuliko yote. Mfumbati wa kiti hiki haulingani na uso wa mguu. Umeingia ndani inchi 1/8. Kitovu cha tundu kwenye mfumbati kinatakiwa kuwa inchi 7/16 kutoka uso wa nje, nusu ya unene. Mguuni kinatakiwa kuwa 7/16 na 1/8, yaani 9/16. Je, jigi ifunguliwe na kupimwa upya? Mjomba alikataa. Tuliifunga kwenye 9/16. Mguuni tuliiegemeza moja kwa moja. Kwenye mfumbati tuliweka kibao cha inchi 1/8 kati ya ukingo na uso, hivyo tundu likaangukia 7/16 penyewe. Akili ya haraka husema kibao kiwekwe mguuni, kwa kuwa mguu ndio uliotokeza. Ukijaribu kwenye karatasi utaona kwamba hilo linausukuma mfumbati nje.

Kina nacho kina hesabu yake. Pini ina urefu wa inchi 2, nusu kila upande, na kila tundu tulilitoboa inchi 1 1/16 ili gundi ipate mahali pa kukaa. Mguu una unene wa inchi 1 1/2, kwa hiyo biti haitokezi upande wa pili. Kola ya kuzuia biti ifungwe jigi ikiwa mahali pake, ukipima sehemu ya biti inayotokeza chini ya jigi, si urefu wote wa biti. Na biti itolewe mara kwa mara kukung'uta machicha, la sivyo yanajaa ndani ya bushi na kuipasha moto.

Kabla ya gundi tuliunganisha vikavu. Pini zilizonyooka huingia kwa kusukumwa na kugongwa kidogo kwa nyundo ya mpira. Zikidai kipigo kikali, matundu hayatazamani. Mwanya ukibaki kati ya mfumbati na mguu hata baada ya kukaza kibano, mara nyingi kuna tundu fupi na pini imegota mwishoni. Gundi tulipaka ndani ya matundu na kwenye pini, ambazo zina mifereji midogo ubavuni. Bila mifereji hiyo gundi hukosa pa kutokea, ikajikusanya chini na kuweza kuupasua mti. Kibano kilikaa usiku mzima.

Jigi hii ina mpaka wake. Viti vingi ni vipana mbele kuliko nyuma, hivyo ncha ya mfumbati hukatwa mshazari, na ukingo wa jigi haukai tena sawa ubavuni mpaka uuwekee kabari yenye pembe ile ile. Kikalio chetu ni cha mraba, tukaponea hapo.

Bibi hakuruhusiwa kukikalia mpaka kesho yake jioni. Alikitikisa kwanza kwa mikono miwili, kama anavyopima nazi, akaketi, akaomba chai. Mjomba anasema majira ya baridi yatatuambia zaidi, kwa sababu hita za fleti hukausha hewa, pini zikasinyaa na viungo kulegea. Kiti cha tatu kimeshaanza kulia kikikaliwa. Vile vibao vyetu tumeviweka kwenye kopo la kahawa, cha inchi 1/8 kikiwa kimeandikwa "mfumbati" kwa penseli.