Mpira wa Wavu: Watu Sita na Watu Wawili

Mpira wa wavu ni mchezo mmoja wenye makao mawili. Makao ya kwanza ni ukumbi wenye sakafu laini, ambamo watu sita husimama upande huu wa wavu na sita upande wa pili. Makao ya pili ni mchanga, ambapo wachezaji hukabiliana wawili kwa wawili. Mchezo wa kwanza ulibuniwa na William Morgan mwaka 1895 katika mji wa Holyoke, Marekani. Wa pili ulipata umbo lake la watu wawili katika pwani ya Kalifornia miaka ya 1930. Michezo ya Olimpiki iliupokea ule wa ukumbini mwaka 1964 mjini Tokyo, na ule wa mchangani mwaka 1996 mjini Atlanta. Kimo cha wavu ni kile kile katika yote miwili: mita 2.43 kwa wanaume na mita 2.24 kwa wanawake. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kuwa mchezo wa mchangani si kitu ila mchezo wa ukumbini uliopunguzwa watu. Dhana hiyo ina kosa, na Singida, mkoa ulio mbali na bahari, ni mahali pazuri pa kuipimia.

Katika shule za Singida, kama katika shule nyingi za Tanzania, mchezo wa watu sita huchezwa nje, juu ya udongo mgumu. Jina la mchezo wa ndani ni la heshima tu. Paa lake ni anga. Kijana aliyelelewa katika uwanja wa namna hiyo anajua jua, vumbi na upepo. Yamkini atafikiri kwamba yuko karibu na mchezo wa mchangani kuliko mwenzake wa ukumbini. Kwa jua na upepo ni kweli. Kwa mambo mengine atajikuta mgeni.

Na aanze na hesabu. Upande mmoja wa uwanja wa watu sita ni mita 9 kwa mita 9, yaani mita za eneo 81. Zikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja ana mita 13.5 za kulinda. Upande mmoja wa uwanja wa mchangani ni mita 8 kwa mita 8, yaani mita za eneo 64. Zikigawanywa kwa wawili, kila mmoja ana mita 32. Uwanja umepungua kidogo, lakini shamba la kila mtu limezidi maradufu. Aliyezoea kuchukua hatua mbili kuufikia mpira sasa hana budi kuchukua nne au tano, na huzichukua juu ya ardhi inayomkimbia chini ya nyayo.

Lakini hesabu ya eneo si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni mgawanyo wa kazi. Katika timu ya sita, mmoja hupokea mpira, wa pili humpandishia mwenzake, na wa tatu hupiga. Yuko mtu ambaye kazi yake ni kupandisha tu, na tangu mwaka 1998 yuko pia libero, mlinzi wa nyuma asiyeruhusiwa kushambulia mpira ulio juu ya kimo cha wavu. Mrefu asiyejua kupokea husitiriwa na wenzake, na mfupi asiyeweza kupiga hufichwa nyuma. Aliyechoka hutolewa, na mwingine akaingia mahali pake. Wawili hawana stara hiyo. Mmoja akipokea, ni lazima mwenzake apandishe. Na mwenzake akipandisha, ni lazima yule yule aliyepokea ainuke kutoka mchangani, akimbie mpaka wavuni na kupiga. Kwa hiyo anayeanzisha mpira ng'ambo ya pili ndiye anayemchagua mpigaji wa adui zake. Akigundua kuwa mmoja ni dhaifu, atampelekea mpira wa kwanza, wa pili na wa ishirini. Hakuna mchezaji wa akiba atakayeingia kumwokoa. Na mmoja akiumia asiweze kuendelea, timu nzima imeshindwa.

Hapo ndipo mchanga unapoingia kama mchezaji wa tano. Mtu anayeruka juu ya udongo mgumu huisukuma ardhi, nayo ardhi humrudishia nguvu yake. Juu ya mchanga sehemu ya nguvu hiyo hupotea katika kuzisogeza chembe, na mrukaji hufika chini ya kimo chake cha kawaida. Wavu haukushushwa kumhurumia. Kijana wa Singida aliyezoea kuona mkono wake wote juu ya wavu ataona kiganja. Tena kuna kosa la miguu ambalo humdhihirisha mgeni: hukimbia kwa kasi na kuruka mbali kuelekea mbele, kama juu ya udongo, na mguu wa mwisho huteleza. Mzoefu huchukua hatua za mwisho kwa uzito, hukusanya miguu yote miwili pamoja, kisha hupanda wima.

Basi ni mchanga gani unaofaa? Kanuni za shirikisho la dunia zinataka kina kisichopungua sentimita 40, na mchanga usio na mawe wala kitu kinachoweza kukata. Zinataka pia chembe zisiwe kubwa mno hata zikakwaruza ngozi, wala ndogo mno hata zikapeperuka kama vumbi na kushika mwilini. Chembe nzuri kwa sehemu kubwa ni za kati ya nusu milimita na milimita moja. Mgeni akiyaona maziwa ya Singidani na Kindai karibu na mji wa Singida anaweza kusema kuwa fuko limekwisha patikana. Na asifanye haraka. Maziwa hayo ni ya maji ya chumvi na hayana kina kirefu. Kingo zake husonga mbele na kurudi nyuma kwa majira. Penye tope laini lililochanganyika na mchanga, mvua ikinyesha na jua likifuata, ardhi hukauka ikawa ngumu kama sakafu, na mchezaji akijitupa huvunjika.

Singida ina mali nyingine. Miamba yake mikubwa ya granaiti humomonyoka polepole, na mvua huzisukuma chembe zake mpaka katika makorongo na mito ya msimu. Chembe zilizo karibu na mwamba bado zina kingo kali, nazo zitachubua magoti na viwiko. Zilizosafiri mbali na maji zimeviringika zaidi, tena zimeoshwa. Hata hizo ni lazima zichekechwe ili changarawe itoke. Kipimo cha uchafu ni rahisi. Weka konzi mbili za mchanga katika chupa ya kioo, tia maji, tikisa, kisha iache itulie. Mchanga safi hushuka mara moja na maji huonekana meupe. Maji yakibaki na rangi ya chai kwa muda mrefu, mna udongo mwingi, na mchanga huo utafanya vumbi kiangazi na ugumu baada ya masika.

Gharama yake ni uzito. Uwanja ni mita 16 kwa 8, na kila upande unahitaji nafasi ya mita 3 zaidi, hivyo eneo zima ni mita 22 kwa 14, au mita za eneo 308. Kwa kina cha sentimita 40 zinahitajika mita za ujazo 123. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu huwa na uzito wa kama tani moja na nusu au zaidi. Lori la tani 7 litakwenda na kurudi zaidi ya mara 26. Shule inayopunguza kina mpaka sentimita 15 ili kuokoa safari za lori imejenga mtego, maana kisigino kitapenya na kugonga udongo mgumu ulio chini.

Baada ya mchanga ni upepo, na Singida inajulikana kwa upepo wake. Viwanja vya nje kwa desturi huelekezwa kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisimpofue mmoja peke yake. Pepo za kiangazi katika nchi hiyo aghalabu hutoka mashariki. Kwa hiyo huukata uwanja kwa ubavu. Mpira ulioelekezwa katikati huishia karibu na mstari wa magharibi, na mpandishaji hujifunza kuupandisha chini na kuuegemeza mashariki. Upepo unapogeuka na kuvuma kwa urefu wa uwanja, upande mmoja hupata faida. Ndiyo maana timu hubadilishana pande kila baada ya pointi 7, na kila baada ya 5 katika seti ya tatu. Mpira wenyewe una nafasi yake katika jambo hili. Uzito wake ni sawa na ule wa ukumbini, gramu 260 hadi 280, lakini hujazwa hewa kwa kadiri ya theluthi mbili tu ya mkazo wa mwenziwe, na umezidi kidogo kwa unene. Huruka polepole zaidi, na upepo huupata.

Kanuni nazo hubadili ustadi. Ukumbini, mpira ukigusa mikono ya wanaouzuia wavuni, timu hubaki na migongo mitatu. Mchangani mguso huo huhesabiwa, na hubaki miwili. Ukumbini mshambuliaji anaweza kuudokoa mpira kwa ncha za vidole vilivyo wazi; mchangani ni kosa, naye hutumia vifundo vya vidole au vidole vilivyokazwa pamoja. Anayekwenda kuzuia wavuni humwonyesha mwenzake ishara nyuma ya mgongo. Kidole kimoja ni ahadi ya kuuziba mstari wa pembeni, viwili ni kuuziba mshazari, na ngumi ni kwamba hatazuia bali atarudi kulinda. Mwenzake husimama mahali palipoachwa. Ishara hiyo ni mkataba. Anayeuvunja amempotosha mtu mmoja tu aliye naye.

Afrika Mashariki imepata ushahidi wa haya yote. Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi waliiwakilisha Kenya mchangani katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Khadambi alikuwa amekwisha kuichezea timu ya taifa ya watu sita, wala hakuwa mwanafunzi wa mpira wa wavu. Hata hivyo walishindwa mechi zote tatu, mbele ya Brazili, Marekani na Latvia. Hapana aibu katika kushindwa huko. Kuna fundisho kwamba ustadi wa ukumbini huufikisha mwili mpaka ukingoni mwa mchanga, na kutoka hapo mtu huanza kujifunza upya.

Kwa hiyo mwalimu wa Singida asiwachague wawili walio bora wa timu yake ya sita akawapeleka mchangani kwa tamaa ya ushindi wa haraka. Amtafute kwanza yule ambaye akipokea vibaya bado huinuka kwenda kupiga, na yule ambaye akipandishiwa vibaya hamlaumu mwenzake. Urefu ni karama, na kuruka ni karama. Lakini kati ya wawili, mpira utamtafuta daima mwenye upungufu, na upungufu wa mmoja ni njaa ya wote wawili.