Mita Saba

Usiku ule tangi la mlimani lilipofurika, lawama zilimwangukia mzee wa zamu. Skrini iko ukutani mbele yake, wakasema, alikuwa akitazama nini?

Skrini ile niliisanifu mimi, nikiwa kwenye mafunzo ya vitendo ya shahada ya uzamili, katika chumba cha uendeshaji cha mamlaka moja ya maji.

Asubuhi nilimwamkia mzee, nikaomba nikae kwenye kiti chake. Nilisoma kichwa cha habari, basi. Matangi yote 14 yalikuwa vidoa.

"Umeiona sasa, binti?"

Niliiona. Kazi yote nilikuwa nimeifanya kwenye kompyuta ya mkononi, nusu mita kutoka machoni, na hapo kila kitu kilisomeka vizuri, hata grafu za saa 24 na nembo niliyoipenda mno.

Nikaazima futi kamba. Kutoka kiti hadi ukuta ni mita 7. Ili herufi isomeke bila kukaza macho, urefu wake uwe kama sehemu moja ya 170 ya umbali huo, yaani milimita 41 hivi. Zangu zilikuwa na milimita 8.

Kwenye skrini ya inchi 55 yenye pikseli 1080 kwenda juu, milimita 41 ni pikseli 65. Hizo ni za herufi kubwa yenyewe. Fonti huhesabu pia nafasi ya mikia ya herufi kama g na y, kwa hiyo saizi inafika 90 hivi. Kwa saizi hiyo zinaingia mistari tisa tu. Matangi 14 hayaenei.

Nilimuuliza mzee afute yapi. Akacheka. "Namba yenyewe siihitaji sana. Nataka kujua linapanda au linashuka, na limebakiza muda gani."

Grafu zikaondoka, nembo ikafuata. Tangi lililo salama halionyeshwi peke yake. Mstari mmoja chini unasema MATANGI 12 SAWA. Lenye shida linapata mstari wake: jina, mshale, dakika zilizobaki kabla halijajaa au kukauka. Neno JAA limeandikwa wazi, kwa sababu mwenzake wa zamu ya mchana hatofautishi nyekundu na kijani.

Hapo likazuka tatizo jipya. Kihisi kikifa, usomaji wa mwisho hubaki palepale, na tangi linahesabiwa salama. Kwa hiyo lisiloleta usomaji kwa dakika tano linatolewa kwenye hesabu ya SAWA na kuandikwa HAKUNA TAARIFA.

Kwenye ripoti yangu niliandika kwamba usiku ule herufi zilikuwa na milimita 8, zikisomwa kutoka mita 7. Msimamizi alishauri niipeleke sentensi hiyo kwenye kiambatisho. Nimeiacha ukurasa wa kwanza, na nakala moja nimempa mzee aende nayo kwenye kikao chake cha nidhamu, Jumatatu.