"Hakuna Jipya" Si "Hakuna Tatizo": Barua kwa Mganga Mfawidhi

Ripoti ya kipimo cha CT haiandikwi kwa ajili ya mgonjwa. Huandikwa na mtaalamu wa radiolojia kwa ajili ya daktari aliyeagiza picha, kwa Kiingereza na kwa ufupi, mithili ya waraka wa ofisi moja kwenda ofisi nyingine. Baina ya hao wawili waraka huo unatosha. Shida huanza pale unapotiwa katika bahasha na kukabidhiwa mzee wa miaka 79 aende nao nyumbani.

Baba yangu ni mstaafu wa posta. Kwa miezi kadhaa alikuwa akisahau mambo ya karibuni na kuyumba anapotembea, kisha akaanguka mara mbili. Kliniki ikaagiza picha ya kichwa. Ripoti iliyorudi ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilitaja kusinyaa kwa ubongo kunakolingana na umri, mabadiliko ya muda mrefu katika mishipa midogo ya damu, na infakti ya zamani ya milimita 8 ndani ya ubongo upande wa kushoto. Ya pili, yaani hitimisho, ilikuwa na sentensi moja: hakuna jambo jipya la ghafla ndani ya fuvu.

Ndugu mmoja alisoma hitimisho peke yake, akalifupisha kuwa "hakuna tatizo". Baba akafurahi, akaacha vidonge vyake vya shinikizo la damu. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kama kichwa ni kizima, dawa ni za nini? Wiki tatu baadaye nilimpima nikakuta 178 kwa 96. Siku hiyohiyo alirudi kwenye vidonge vyake kwa maelekezo ya daktari, nami usiku nikaandika barua. Naiweka hapa, nikiwa nimeondoa majina.

"Kwa Mganga Mfawidhi,

YAH: OMBI LA KUELEZWA KWA KISWAHILI MAJIBU YA KIPIMO CHA CT CHA BABA YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika kwa idhini ya baba yangu, ambaye ametia sahihi chini ya barua hii pamoja nami. Hatulalamikii kipimo wala ripoti. Tunaomba kuelezwa, kwa lugha ambayo baba anaitumia kila siku, mambo matano. Kwanza, ni nini kilichoonekana, na kila kimoja ni kipya au cha zamani? Pili, ni kipi kati ya hivyo kinachoweza kueleza kusahau na kuanguka kwake? Tatu, picha hii haiwezi kutuambia nini? Nne, aendelee na dawa zipi, na kwa nini? Tano, tukiona dalili gani tumrudishe bila kungoja tarehe ya kliniki?

Tunaomba majibu hayo yaandikwe, kwa kuwa baba husahau na sisi wanawe tunaishi miji tofauti. Ripoti inasema hakuna jambo jipya. Nyumbani imesomwa kuwa hakuna tatizo, na baba aliacha dawa kwa sababu hiyo. Natanguliza shukrani. Wako katika ujenzi wa taifa."

Tuliitwa baada ya siku nne. Daktari kijana alimwamkia baba shikamoo, akamgeuzia kioo cha kompyuta, akazungumza naye yeye kwanza kabla ya kuzungumza nami. Alieleza kuwa katika picha ile mfupa na damu mbichi huonekana vyeupe, ubongo huonekana wa kijivu, na maji huonekana meusi. Kisha akaonyesha kidoa cheusi, kidogo kuliko punje ya harage.

"Mzee, hapa palikufa baada ya mshipa mdogo kuziba. Ni kiharusi kidogo cha zamani."

"Nilipata kiharusi bila kujua, mwanangu?"

"Ndiyo, mzee. Vidogo kama hivi vinaweza kupita bila mtu kuanguka wala kupooza. Lini hasa, picha haisemi, maana hatuna ya zamani ya kulinganisha nayo."

Hapo ndipo maana ya ripoti ilipogeuka. Mishipa midogo ya ndani kabisa ya ubongo huharibiwa hasa na shinikizo la damu lililokaa juu kwa miaka mingi. Kuta zake hunenepa, njia ya damu hubana, na mwisho huziba. Kwa hiyo kidoa kile cha zamani ndicho kilichokuwa sababu kubwa ya baba kuendelea na vidonge. Ripoti iliyosomwa kuwa ruhusa ya kuviacha ilikuwa, ikisomwa sawasawa, agizo la kutoviacha.

Kuhusu kusinyaa kwa ubongo, neno lililonikosesha usingizi, daktari alikuwa mwangalifu. Ubongo hupungua kwa umri, na wapo wazee wenye picha kama ile ambao akili zao ni timamu. Picha peke yake haitoi hukumu kuwa mtu ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hilo huhitaji mahojiano, majaribio ya kumbukumbu, na vipimo vya damu vya kutafuta sababu zinazotibika, kama upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo kufanya kazi pungufu. Lakini kusinyaa kuna jambo moja la kuogopwa kwa mzee anayeanguka. Ubongo unapopungua, vishipa vinavyouunganisha na utando wa juu huvutika, na pigo dogo laweza kuvichana. Damu huvuja polepole, na dalili zaweza kutokea wiki kadhaa baadaye. Hivyo jibu la swali la tano liliandikwa hivi: akianguka tena, kisha akapata maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja, aletwe siku hiyohiyo, hata kama picha ya kwanza haikuonyesha damu. Na uso ukipinda ghafla, au mkono ukalegea, au maneno yakakwama, asingojwe hata saa moja.

Maelezo yote yalichukua dakika ishirini hivi, na maandishi yake yalijaa nusu ukurasa. Sitaki kudai kwamba kila kliniki ina dakika ishirini za ziada kwa kila mgonjwa, nimeona foleni. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba hitimisho la ripoti inayokwenda nyumbani liambatane na sentensi chache za Kiswahili zinazosema ni kipi kipya, ni kipi cha zamani, na mgonjwa asiache nini.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hoja ilikuwa nyepesi kuielewa: mtu asihukumiwe kwa lugha asiyoijua. Ripoti ya CT nayo hubeba uamuzi juu ya mwili wa mtu, na mgonjwa ndiye atakayeutekeleza kila asubuhi, akiwa peke yake na glasi ya maji na kidonge. Asipoielewa, hana pa kukata rufaa. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua kuwa fomu hubadilishwa kwa waraka mmoja. Nafasi ya mistari mitano chini ya hitimisho ingetosha kuanzia.