Nilimfukuza Binti kwa Kosa Langu

Nina cherehani tatu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Songea. Kazi yangu kubwa ni sare za shule. Kila Desemba wazazi hufurika, kwani shule hufunguliwa Januari, na mwaka mmoja nilielemewa hata nikamwajiri binti katikati ya msukosuko huo. Alikuwa amejifunza ushonaji kwa fundi mwingine. Nilimwonyesha kiti, nikampa mkasi, nikarudi kwenye kazi yangu.

Wiki ya tatu alikata sketi sita za mteja mmoja. Zote zilikuwa ndogo. Nilipandwa na hasira, nikamwambia asirudi kesho. Alilia, akasema, "Mama, nilifuata daftari lako." Sikumsikiliza.

Usiku nilifungua daftari. Kiunoni niliandika sentimita 60, naye alikata 60 kamili. Vipimo vyangu ni vya mwili mtupu. Wakati wa kukata huongeza sentimita moja na nusu kila ukingo kwa ajili ya mshono. Sketi ya vipande viwili ina kingo nne za ubavuni, yaani sentimita sita. Basi zile sketi zilibaki na 54. Kule alikojifunza, fundi wake huandika kipimo ambacho tayari kimeongezwa. Binti hakuwa mzembe. Mimi ndiye sikumwambia daftari langu husomwaje.

Shemeji yangu aliniambia jambo jingine lililonichoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka hata mfanyakazi aliye katika mwezi wake wa kwanza apewe notisi isiyopungua siku saba. Nilimfuata binti kwao, nikamwomba radhi na kumlipa siku zake. Alipokea fedha, lakini hakurudi.

Mwaka uliofuata nilipanga mapema. Nilihesabu siku 90 kurudi nyuma kutoka msimu wa sare, nikaona mfanyakazi mpya lazima aanze Septemba mwanzoni. Siku ya kwanza nilimpa karatasi yenye kazi yake, saa zake na mshahara wake, kwa kuwa sheria hiyohiyo inataka mambo hayo yaandikwe. Kisha tukalisoma daftari pamoja, ukurasa kwa ukurasa.

Nilipanga kazi kwa kujiuliza swali moja: akikosea hapa, tunaweza kufumua? Siku 30 za kwanza alipiga pasi, akashona vifungo na kukunja pindo. Makosa hayo hufumuliwa kwa dakika chache. Siku 30 zilizofuata alishona sketi na mashati niliyoyakata mimi. Kufumua hapo huchukua muda, lakini kitambaa hakiharibiki. Mkasi ulikuja mwisho, maana kilichokatwa hakirudi. Katika siku 30 za mwisho alianza kukata magazeti ya zamani, halafu mabaki ya vitambaa, ndipo akakata nguo ya mteja mimi nikiwa nimesimama kando yake.

Kila Jumamosi jioni tulikaa kidogo na kuhesabu: nguo ngapi zimepita, ngapi zimerudi kufumuliwa, na kwa nini. Nilitazama pia kama anauliza. Mwezi wa kwanza alikuwa kimya sana, nami nikafurahi nikidhani anaelewa. Kumbe alikuwa anaogopa. Nilipoanza kumwuliza, "Mwanangu, leo ni kitu gani hukukielewa?" badala ya "Umeelewa?" ndipo maswali yakaja.

Mpango ulivunjika mara moja. Mwezi wa pili nilikwenda msibani Mbinga kwa siku nane, naye akabaki akipokea wateja tu. Niliporudi nilitaka kuendelea kana kwamba siku hizo zimehesabika. Mashati mawili yakarudi na kola zilizopinda, nikatambua kuwa hakuwa amefundishwa. Nikasogeza mkasi mbele kwa siku nane. Siku zenye faida ni zile mlizokaa pamoja kazini, si zile za kalenda.

Desemba ilipofika na wazazi wakajaa mlangoni, aliandika vipimo mwenyewe. Nilimwona akishika mkasi, akasimama, akageuka kuniuliza, "Mama, hii sitini ni ya mwili, au umeshaongeza?"

Nilimkumbuka yule wa kwanza. Naye angeuliza hivyohivyo, kama ningempa nafasi.