Kenta Moja, Mabosi Wawili

Jumapili, 22 Septemba 2024, usiku

Saa 2 Mzee, meneja wa shamba letu la mananasi hapa Kiwangwa, ameandika: "Kesho watu wote bloku 3 na 4. Dawa ya maua. Isipite kesho." Nikajibu, "Sawa Mzee." Saa 3 na dakika 40 Madam wa masoko naye ameandika: "Mzigo wa Dar ni kesho, tani 4. Weka watu wote kwenye kuvuna, Kenta iondoke saa 8 mchana. Mteja huyu asitukimbie." Naye nikamjibu, "Sawa Madam." Sawa mbili ndani ya usiku mmoja, na zote nimezitoa mimi. Nina watu 14, na Kenta ni moja.

Kila mmoja amenitumia peke yangu, si kwenye kundi la kazini. Sidhani kama Mzee anajua habari za mzigo, wala Madam kama anajua habari za dawa.

Rasimu ya kwanza nimeiandika papo hapo, na namshukuru Mungu kidole hakikuteleza: "Wakubwa, naomba muwe mnawasiliana kabla ya kunituma. Mimi ni mtu mmoja. Fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia." Nikaisoma tena, nikaona nimewaita mabosi wangu ng'ombe. Zaidi ya hapo, hawapigani. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Ugomvi nimeutunga mimi kitandani.

Rasimu ya pili ikaja na machozi: "Shikamooni. Samahanini sana kwa usumbufu, nimechanganyikiwa, naombeni mnisaidie jamani." Adabu imo, ila haina kitu. Mtu akiisoma atauliza: umechanganywa na nini? Na atakayejibu kwanza atasema, "Fanya niliyokuambia."

Nikampigia mjomba Bagamoyo. Alikuwa karani wa masjala serikalini miaka mingi, na kwake kila kitu ni dokezo. Akasema dokezo halianzi na wewe, linaanza na jambo. Aya ya kwanza, mambo yalivyo: nani ameelekeza nini, lini, kwa maneno yake mwenyewe. Aya ya pili, kinachogongana. Aya ya tatu, unachopendekeza. Ndipo unaomba mwongozo na kuwasilisha. "Na hicho kinachogongana," akaniambia, "usikiseme kwa jumla jumla. Kitafute mpaka ukishike kwa mkono." Halafu akauliza kama nimekula.

Basi nimechukua kalamu kukitafuta.

Dawa kwanza. Kila bloku ina miche 12,000 hivi, na kila mche tunamwagia mililita 50 kwenye moyo. Hiyo ni lita 600 kwa bloku, lita 1,200 kwa zote mbili. Nanasi hufungua matundu ya majani usiku na kuyafunga mchana jua likiwaka, kwa hiyo dawa hupigwa jua likishazama au linapokaribia. Ukimwagia saa 6 mchana umetupa pesa. Mabomba ya mgongoni ya lita 16 yako manne. Bomba moja linatosha miche 320, na mtu aliyezoea analimaliza kwa dakika 20. Watu wanne, bloku moja, ni saa tatu na kidogo. Dawa haihitaji watu 14! Inahitaji wanne, tena jioni.

Mzigo sasa. Tani 4 kwa nanasi la kilo moja na nusu ni kama mananasi 2,700. Watu kumi, kila mmoja 270, kukata na kubeba mpaka barabarani: kuanzia saa 12 asubuhi, saa 7 mchana wamemaliza.

Kumbe watu hawagongani. Nimekaa hapa nusu saa nikitazama karatasi kama mjinga. Wote wawili wameandika "watu wote", nami nikalibeba neno hilo bila kulipima.

Kinachogongana ni Kenta. Maji ya dawa hatuna shambani, huja kwa Kenta na simtanki la lita 1,000, na Mzee amezoea yaletwe saa 9 alasiri ili dawa ichanganywe jioni. Saa 9 Kenta ya Madam itakuwa imeshapita Bagamoyo mjini, inaelekea Bunju. Maji yakiletwa asubuhi kabla ya kupakia, yatawekwa wapi? Mapipa ya lita 200 tunayo manne, yaani lita 800. Yanatosha bloku moja, na salio la lita 200.

Kwa hiyo swali lote ni hili: bloku ya 4 inaweza kusubiri Jumanne, au mzigo uchelewe kuondoka?

Saa 4 na dakika 50 nimetuma kwenye kundi dogo lenye sisi watatu tu:

"Shikamoo Mzee. Habari za usiku Madam. Naomba mwongozo wenu kuhusu kazi za kesho Jumatatu.

Mzee ameelekeza bloku 3 na 4 zipigwe dawa ya maua kesho. Madam ameelekeza tani 4 zivunwe na Kenta iondoke saa 8 mchana. Wote niliwajibu sawa kabla sijapiga hesabu, naomba radhi.

Watu wanatosha kwa kazi zote mbili: kumi wavune asubuhi, wanne wapige dawa jioni. Kinachogongana ni Kenta, kwa sababu ndiyo inayoleta maji ya dawa. Ikileta maji asubuhi kabla ya kupakia, mapipa yaliyopo yanatosha bloku moja tu.

Napendekeza kesho mzigo uondoke saa 8 kama Madam alivyosema na bloku 3 ipigwe jioni, bloku 4 iwe Jumanne jioni. Kama bloku 4 haiwezi kusubiri, basi Kenta iondoke baada ya saa 11 jioni. Uamuzi huo ni wenu.

Watu wanakusanyika saa 12 kasoro robo asubuhi. Nisipopata neno mpaka hapo, nitaanza na kuvuna na kuleta maji, kazi ambazo zinahitajika kwa njia zote mbili. Naomba kuwasilisha."

Maelezo yangu mwenyewe, nisije nikasahau. Mzee nimemtaja kwanza kwa umri na kwa kuwa ujumbe wake ulitangulia, si kwa cheo. Kwa cheo wako sawa na wote wanaripoti kwa mkurugenzi. Mkurugenzi sikumweka. Ningemweka ingekuwa mashtaka. Neno "lakini" nimelifuta mara mbili, maana kila nilipoliweka aliyetajwa kabla yake alionekana amekosea. "Mniambie nani nimsikilize" nimelifuta pia, kwa sababu hapo ningewalazimisha wachague mtu, na mimi nataka wachague saa ya Kenta.

Mstari wa "nisipopata neno" umenisumbua kuliko yote. Bila huo, watu 14 wangesimama asubuhi wakinitazama. Pamoja na huo, naonekana najiamulia. Ndiyo maana nimeweka kazi zile tu ambazo hakuna atakayezijutia: nanasi lililoiva litavunwa tu, na maji yataletwa tu. Dawa yenyewe sikuthubutu kuiweka hapo. Dawa ikishaingia kwenye moyo wa mche hairudi.

Jumatatu, 23 Septemba

Madam amejibu saa 11 alfajiri: "Sawa, mradi saa 8 isipite." Mzee kimya mpaka saa 12 na dakika 5, watu wameshaingia shambani. Kisha: "Bloku 4 Jumanne. Ila ujue hesabu ya mwezi wa Ramadhani." Najua. Nanasi lililopigwa dawa huchukua miezi mitano hadi sita kuvunwa, na Ramadhani inatarajiwa kuingia mwanzoni mwa Machi 2025. Siku moja haivunji hesabu, wiki tatu zingeivunja. Nimejibu, "Nimepokea Mzee, ahsante," na sikuongeza neno. Dereva alitaka nimwambie nani kashinda.

Kenta imeondoka saa 8 na dakika 20. Wapiga dawa wanne niliwaambia waje saa 9 alasiri badala ya asubuhi, kwa sababu sheria ya ajira ya 2004 inahesabu saa tisa za kawaida kwa siku, na nikiwavunisha asubuhi kisha niwapigishe dawa usiku, masoko na shamba watagombania nani alipe saa za ziada. Huo ungekuwa ujumbe mwingine wa usiku.

Wamemaliza bloku 3 saa 2 na nusu usiku. Saa 4 mvua imenyesha, nyepesi, kama dakika ishirini. Nimeandika saa yake hapa na kwenye kundi.

Jumanne, 24 Septemba

Bloku 4 imepigwa. Kavu mpaka asubuhi.

Nimemuomba Mzee tuongeze mapipa mawili. Mapipa sita ni lita 1,200, na jambo zima la juzi lisingekuwepo. Amesema ataona. Hii "nitaona" ya Kiwangwa naijua.

Jumatatu, 11 Novemba

Wiki saba kamili, nimezunguka kutazama mioyo. Mche ulioshika dawa hugeuka mwekundu katikati, huhitaji kubahatisha. Bloku 4 nyekundu karibu yote. Bloku 3 ina mabaka: mistari iliyopigwa mwanzo, saa 11 jioni, imeshika vizuri, ile ya mwisho iliyopata mvua ndani ya saa mbili imebaki kijani kama haikuguswa.

Mchana mkurugenzi kaja kutoka Dar na kuuliza, mbele yetu sote, kwa nini bloku 3 iko hivi na nani aliamua ipigwe siku ile. Madam akaangalia chini. Mzee akaniangalia mimi. Nikafungua simu, nikampa asome ujumbe wa tarehe 22, majibu ya wote wawili, na ule wa mvua. Akasoma kimya, akashuka mpaka mwisho, akapandisha tena juu. Akauliza swali moja tu, mapipa ni mangapi. Nikamwambia manne.

Baadaye Mzee kanifuata nje na kusema ningeweza kumwonyesha yeye kwanza kabla ya mkurugenzi. Ana haki. Nimemwomba radhi.

Mistari ya kijani ya bloku 3 inarudiwa Alhamisi saa 11 jioni, na nanasi lake halitawahi Ramadhani. Nimeshaomba Kenta ya maji, ujumbe mmoja, kwa wote wawili. Mapipa bado manne.