Kamina: barua ya tiketi ya 8,400

Kijana mmoja wa Kamina, mchuuzi wa simu za mkono karibu na gare, alicheza kombine ya mechi 3 kwa franga 2,000. Mechi ya kwanza ilikuwa Bournemouth na Luton, Uingereza, Jumamosi tarehe 16 Desemba 2023. Hakuchagua mshindi. Alisema tu kwamba timu zote mbili zitafunga, koti 1.60. Zile zingine zilikuwa na 1.75 na 1.50, na zote mbili zilitoka vizuri.

Luton walifunga dakika ya 3, Bournemouth wakasawazisha dakika ya 58. Muda kidogo baadaye nahodha wa Luton, Tom Lockyer, akaanguka uwanjani, moyo umesimama. Alipona, asifiwe Mungu. Mechi ikavunjwa ikiwa 1-1.

Nyumba ya pari ilifuta mechi hiyo, yaani koti yake ikageuka 1. Kijana akapewa 5,250 badala ya 8,400. Pengo ni franga 3,150, na kwa mtu wa gare hiyo si pesa ya kutupa.

Wenzake walimwambia asubiri mechi irudiwe. Ilirudiwa kweli, tarehe 13 Machi 2024, Bournemouth wakashinda 4-3. Lakini ile ilianza upya kwenye 0-0. Ni mechi nyingine, haisaidii tiketi ya Desemba. Papa mmoja, mstaafu wa reli, ndiye aliyemwambia asome sheria zilizobandikwa ukutani. Humo iliandikwa kwamba mechi ikivunjwa pari zinafutwa, isipokuwa zile ambazo matokeo yake yalikwisha kujulikana kabla ya kusimama. Kuna nyumba zinazofuta zote bila kubagua, na hapo angekuwa hana la kudai.

Barua yake ilikuwa fupi:

“Bwana Msimamizi, nakusalimu kwa heshima. Kwenye tiketi yangu, ambayo kopi yake iko hapa, niliandika kwamba timu zote mbili zitafunga. Goli la pili liliingia dakika ya 58, kabla ya mechi kusimama. Hakuna kitu ambacho dakika zilizobaki zingebadilisha. Kama ningekuwa nimecheza Bournemouth kushinda, ningekubali mufute. Kwa sheria yenu wenyewe, naomba koti 1.60 irudishwe na nilipwe franga 3,150 zilizobaki.”

Hakutaja wizi, ingawa rafiki zake walitaka aandike neno hilo. Alipeleka nakala mbili. Mama wa gishe alisita, kisha akatia saini na tarehe kwenye moja, akamrudishia. Tiketi yenyewe hakuiacha. Walipoiomba alitoa kopi.

Siku ya nane aliitwa. Msimamizi alisema mashine ya Lubumbashi ndiyo iliyofuta mechi nzima kwa mara moja, bila mtu kutazama pari moja moja. Akahesabu 3,150 mezani, akamwombea kijana asaini naye.