Barua za Kumwita Mtu Kazini

Siku hizi barua ya kazi huingia kwenye simu kwa mlio uleule wa kukumbushwa salio. Zamani, rafiki yangu, ilitoka vidoleni mwetu. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya umma Dodoma. Chumba chetu kilinuka wino wa utepe na karatasi za kaboni, na taipu zililia ting! kila mstari ulipokaribia kwisha. Nakala ya tatu, ile hafifu, ndiyo iliyokwenda masjala.

Afisa Utumishi wetu alikuwa mzee wa ugoro, mkali kwa wote ila kwa mtu aliyekuwa bado hajaanza kazi. "Mwanangu," angeniambia, "huyu anasomewa barua na baba yake mbele ya majirani. Anza na karibu." Basi baada ya "Ndugu" na jina, sentensi ya kwanza ilikuwa: "Tunafurahi kukuarifu kwamba umekubaliwa kuwa Karani Msaidizi." Cheo kimo humohumo, baba hana haja ya kukisaka.

Kisha mshahara: Sh. 750 kwa mwezi, kwa tarakimu na kwa maneno, na mbele yake "kabla ya makato". Hayo maneno matatu aliyang'ang'ania, maana bila hayo kijana hufika mwisho wa mwezi akadhani mhasibu amemla.

Tarehe nayo ina kisa chake. Mwaka 1979 barua moja iliyoandaliwa makao makuu ilisema mwajiriwa mpya aripoti tarehe 1 Julai. Ilikuwa Jumapili! Kijana wa watu akashuka na sanduku la bati, akamkuta mlinzi peke yake anachoma muhogo. Wakala pamoja, lakini tangu hapo kila barua ikataja siku na tarehe, saa ya kufika, na mtu wa kumwona.

Masharti yalikaa chini, kila moja kwa sababu yake: alete vyeti halisi ili vilinganishwe na nakala alizotuma, apimwe na daktari wa serikali, awe katika majaribio miezi 12, kisha athibitishwe. Mzee hakupenda "la sivyo". Aliandika tu: "Tukipokea hivyo, utaanza kazi."

Juzi mjukuu wangu wa Dar es Salaam alinionyesha barua yake. Rangi tele, "karibu kwenye familia yetu" kwa herufi kubwa, na mshahara "kwa mujibu wa sera ya kampuni". Nikamwambia: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, siku ya kuanza, mahali, saa na malipo. Usiache kazi uliyonayo kabla hujapata hayo.

Aliwaomba kwa upole, wakamwandikia upya. Mshahara ulikuwa pungufu kuliko aliotajiwa kwa mdomo.